Moyo Unaponenepa kwa Mzigo

Maji ya Mto Ruvu hayafiki Kisarawe kwa hiari yao. Mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi wilayani Kibaha, huyasafisha na kuyasukuma kuelekea Dar es Salaam. Sehemu ya maji hayo huchukuliwa Kibamba, na kutoka hapo pampu nyingine huyapandisha mpaka kwenye tangi lililojengwa juu ya vilima vya Kisarawe. Mhandisi anayechagua pampu ya kazi kama hiyo huuliza swali moja kabla ya mengine yote: maji yatapandishwa mita ngapi? Kimo kikizidi, pampu nayo haina budi kuwa na nguvu zaidi. Na kimo kikiongezwa baada ya pampu kwisha kufungwa, mhandisi huing'oa na kuleta nyingine kubwa kuliko ile ya kwanza.

Moyo wa binadamu nao ni pampu, ila hakuna anayeweza kuusimamisha mchana ili afunge mkubwa zaidi. Mzigo wake unapoongezeka, moyo hujijenga upya ukiwa kazini, bila kukosa pigo hata moja. Ukuta wa chumba chake cha chini cha kushoto, yaani ventrikali ya kushoto, huwa mnene mwaka hata mwaka. Jambo hilo huwapata watu wengi wenye shinikizo kubwa la damu la muda mrefu, ambalo wananchi hupenda kuliita presha. Kwa miaka mingi madaktari waliuona unene huo kuwa alama ya kudumu, mfano wa kovu la kidonda. Leo yajulikana kwamba sehemu yake kubwa yaweza kurudi nyuma. Sehemu nyingine haitaki kurudi. Tofauti baina ya sehemu hizo mbili ndiyo inayoeleza kwa nini mgonjwa aliyeanza dawa mapema na yule aliyechelewa miaka kumi hawapati matokeo yaleyale, hata kama vidonge vyao ni vya namna moja.

Kazi ya pigo moja

Shinikizo la damu hutajwa kwa tarakimu mbili, kwa mfano 120 kwa 80. Ya kwanza ni kanieneo ya damu katika ateri wakati ventrikali inapojikaza, na ya pili ni ile inayobaki wakati moyo unapopumzika baina ya mapigo. Kizio chake ni milimita za zebaki. Kwa kuwa uzito wa zebaki ni mara 13.6 ya ule wa maji, shinikizo la 120 ni sawa na kimo cha maji cha mita 1.63. Shinikizo likifika 180, kimo ni mita 2.45. Kana kwamba tangi la Kisarawe limeinuliwa kwa nusu nzima ya kimo chake cha awali, na pampu ya Kibamba haikuambiwa lolote.

Hesabu ya kazi inayofanyika haimshindi mwanafunzi wa kidato cha tatu. Ventrikali ya kushoto ya mtu mzima aliyepumzika hutoa takriban mililita 70 za damu kwa kila pigo. Kazi ni zao la kanieneo na mjao. Kwa shinikizo la 120, ambalo ni kama paskali 16,000, kila pigo lahitaji jouli 1.1 hivi. Kwa shinikizo la 180 pigo lilelile lahitaji jouli 1.7. Tofauti hiyo yaonekana kuwa ndogo, lakini moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku. Nyongeza ya siku moja hukaribia jouli 56,000. Kazi hiyo yatosha kuinua gunia la kilo 50 kwenda juu wima mita 115, na gunia hilo huinuliwa kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, mwenye moyo asijue.

Hayo ni makadirio tu, kwa sababu shinikizo halikai katika kilele chake muda wote damu inapotoka, na usiku mtu akilala hushuka. Hata hivyo yaonyesha ukubwa wa mzigo.

Kwa nini ukuta huwa mnene

Moyo hauna macho ya kusomea kipimo cha zebaki. Kinachohisiwa na kila seli ya msuli wake ni mvuto, yaani jinsi seli hiyo inavyovutwa na jirani zake ukuta unapozuia damu isiupasue. Mwanahisabati Mfaransa Laplace alitoa kanuni ya mvuto katika kuta zilizopinda, nayo yaweza kutumika kwa ventrikali ikidhaniwa kuwa mfano wa mpira wa duara:

T = P × r ÷ (2 × h)

Hapa T ni mvuto katika kila kipande cha ukuta, P ni shinikizo la damu iliyomo ndani, r ni nusu kipenyo cha chumba, na h ni unene wa ukuta. Mwalimu aweza kuonyesha kanuni hii darasani kwa kibofu cha mpira wa miguu: kibofu kinapotanuka, mpira wake huwa mwembamba na kukazika zaidi, mpaka hupasuka.

Ichukuliwe ventrikali yenye nusu kipenyo cha milimita 24 na ukuta wa milimita 9. Shinikizo likiwa 120, mvuto ni 120 mara 24 kugawanya kwa 18, yaani 160. Shinikizo likipanda kufikia 180, mvuto huwa 240. Kila uzi wa msuli sasa unavutwa mara moja na nusu ya zamani. Ni unene gani utakaourudisha mvuto kwenye 160? Jibu ni milimita 13.5, ambazo nazo ni mara moja na nusu ya milimita 9. Ukuta ukifika unene huo, kila uzi utabeba mzigo uleule wa awali, ijapokuwa shinikizo lenyewe halikupungua hata kidogo.

Mwaka 1975 Grossman na wenzake wa Marekani walipima jambo hili katika mioyo ya watu walio hai. Walikuta kwamba ventrikali zilizozidiwa na shinikizo zilikuwa na kuta nene, lakini mvuto wa ukuta wakati wa kujikaza ulikuwa karibu sawa na wa mioyo mizima. Kwa hiyo unene ule si ugonjwa uliozuka pasipo sababu. Ni jibu, na kwa hesabu ni jibu sahihi. Ubaya wake unatokana na gharama.

Hapa yafaa kutaja moyo wa mwanariadha, kwa maana wanafunzi wengi huuliza. Mkimbiaji wa masafa, wa daraja la Filbert Bayi aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, na ambaye shule yenye jina lake ipo Kibaha, huwa na moyo mkubwa kuliko wa mtu wa kawaida. Lakini moyo wa mkimbiaji hukua kwa kupanuka chumba pamoja na kunenepa ukuta kwa kiasi. Hubaki laini, hujaa damu kwa wepesi, na akiacha mazoezi hupungua katika muda wa miezi. Mzigo wake huja kwa saa chache na kuondoka. Mzigo wa presha hauondoki.

Ndani ya ukuta

Seli za msuli wa moyo wa mtu mzima ni kama hazizaliani. Ukuta hauwezi basi kunenepa kwa kuongeza idadi ya seli, kama ngozi inavyofanya. Kila seli hupanuka. Ndani yake mna nyuzi za protini zinazotelezeana ili kuukaza msuli. Seli inapovutwa kupita kiasi, hutengeneza nyuzi mpya na kuzipanga ubavuni mwa zile za zamani, kama mtu anayezidisha kamba sambamba ili abebe mzigo mzito. Mvuto wenyewe huanzisha ujenzi huo, nao husaidiwa na homoni, hasa angiotensini, ambayo pia hukaza mishipa midogo ya damu na kupandisha shinikizo.

Kama mambo yangekoma hapo, pengine moyo mnene ungekuwa moyo wenye nguvu na basi. Lakini baina ya seli za msuli mna seli nyingine ambazo kazi yake ni kutengeneza kolajeni, nyuzi ngumu zinazounganisha tishu. Angiotensini na mvuto huziamsha hizo nazo. Kolajeni huongezeka kidogo kidogo baina ya misuli, na ukuta huanza kuwa mgumu. Wakati huohuo vijishipa vinavyoleta damu kwenye ukuta haviongezeki kwa kadiri ya unene. Seli iliyopanuka ina njaa kubwa zaidi ya oksijeni, nayo iko mbali zaidi na kijishipa kinachoileta.

Dalili ya kwanza ya gharama hizi haionekani katika kusukuma, bali katika kujaa. Ventrikali yenye ukuta mgumu haifunguki kwa urahisi ili ipokee damu kutoka chumba cha juu. Chumba hicho, yaani atria ya kushoto, hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, kisha hutanuka. Damu hurudi nyuma kuelekea mapafuni. Mtu huanza kuhema apandapo mlima alioupanda miaka yote, na baadaye huhitaji mito miwili kitandani, kwa sababu akilala chali pumzi humwishia. Daktari akipima nguvu ya kusukuma, aweza kuikuta ni ya kawaida kabisa. Wengi hupotea njia hapa: huambiwa moyo ni mzima kwa kuwa unasukuma vizuri.

Baadaye mambo hubadilika. Atria iliyotanuka hupoteza mpangilio wa mapigo yake, damu hutuama na kuganda humo, na bonge likitoka huweza kwenda kuziba mshipa wa ubongo. Seli zilizokosa oksijeni hufa na nafasi yao hushikwa na kovu. Mwishowe ukuta uliokuwa mnene hulegea, chumba hupanuka, na hesabu ya Laplace humgeukia mgonjwa: nusu kipenyo kikizidi, mvuto huzidi, na mvuto ukizidi chumba hupanuka tena.

Kwamba mwisho huu si nadra nchini Tanzania kulionyeshwa na uchunguzi uliofanywa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 na Makubi na wenzake. Kati ya wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi, asilimia 45 walifikia hali hiyo kwa sababu ya shinikizo la damu. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55 tu. Katika Ulaya mgonjwa wa namna hiyo kwa kawaida ni mzee wa miaka sabini na zaidi.

Jinsi unene unavyotambuliwa

Mwaka 1836 daktari Mwingereza Richard Bright alieleza kwamba alipopasua maiti za watu waliokufa kwa ugonjwa wa figo, mara nyingi aliikuta ventrikali ya kushoto ikiwa nene hali vali za moyo zilikuwa nzima. Alihisi kwamba damu ilikuwa inapata upinzani katika mishipa midogo. Hakuwa na chombo cha kupimia shinikizo la mgonjwa. Mkanda wa mkononi pamoja na sauti zinazosikilizwa kwa stethoskopu vilikamilika mwaka 1905 tu, kwa kazi ya Korotkoff wa Urusi. Leo hakuna haja ya kungoja maiti. Kuna vipimo viwili vya kawaida, na kila kimoja kina hila yake.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya hesabu, lakini tarakimu zake ni za aina inayoonekana hospitalini. Mama wa miaka 52, mkulima wa mihogo wilayani Kisarawe, anahema anapopandisha ndoo ya maji kilimani. Zahanati inampima akiwa ameketi na kupumzika dakika tano, mara mbili, na tena siku nyingine: shinikizo ni 176 kwa 104. Anapelekwa Kibaha, katika hospitali ya Tumbi, ambayo ni hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani.

Kipimo cha kwanza ni cha umeme wa moyo. Msuli mnene hutoa umeme mwingi zaidi, na kwa hiyo mistari inayochorwa kwenye karatasi huwa mirefu. Tangu mwaka 1949 hutumika kanuni ya Sokolow na Lyon: urefu wa mstari ushukao katika kituo cha V1 hujumlishwa na urefu wa mstari upandao katika kituo cha V5 au V6, na jumla ikifika milimita 35 unene hudhaniwa kuwapo. Kwa mama huyu mistari ni milimita 14 na milimita 18. Jumla ni 32. Kwa kanuni hiyo moyo wake si mnene.

Kanuni imemkosa. Umeme hudhoofika unapopita katika mafuta na tishu za kifua, na kwa wanawake hasa kipimo hiki huacha wengi wenye unene wa kweli. Kwa vijana wembamba, na kwa watu wenye asili ya Kiafrika kwa jumla, kosa huweza kwenda upande wa pili: mistari huwa mirefu ingawa moyo ni wa kawaida. Karatasi hiyo ikionyesha unene pamoja na mabadiliko ya wimbi la mwisho la pigo, yafaa iaminiwe; isipoonyesha, haitoshi kumwachia mgonjwa.

Kipimo cha pili ni eko, ambapo mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio hupelekwa kifuani na mwangwi wake kuchora picha ya moyo unaocheza. Kwa mama huyu chumba cha ventrikali kina kipenyo cha milimita 46 kinapojaa, na kuta zake mbili, ule wa katikati na ule wa nyuma, zina milimita 12 kila mmoja. Ukuta wa mwanamke hautarajiwi kupita milimita 9. Kutokana na vipimo hivyo uzito wa msuli hukadiriwa. Vipenyo huandikwa kwa sentimita. Kipenyo cha nje ni 4.6 kujumlisha 1.2 na 1.2, yaani 7.0:

0.8 × 1.04 × (7.0³ − 4.6³) + 0.6 = gramu 205

Mjao wa mpira wa nje umepunguzwa mjao wa chumba, kilichobaki kikazidishwa kwa densiti ya msuli, na tarakimu ya 0.8 ni masahihisho yaliyopatikana kwa kulinganisha picha na mioyo iliyopimwa kwenye mizani baada ya kifo. Gramu 205 hugawanywa kwa eneo la ngozi ya mwili wake, ambalo ni mita za mraba 1.65, na jibu ni gramu 124 kwa kila mita ya mraba. Mpaka wa wanawake ni 95, na wa wanaume ni 115. Kama kuta zake zingekuwa milimita 9, moyo huohuo ungekuwa na gramu 138 hivi. Mama huyu amebeba karibu gramu 70 za msuli asiouhitaji mtu mwenye shinikizo la kawaida.

Je, unene hurudi?

Jibu limo katika tabia ya protini. Nyuzi za msuli wa moyo hazidumu; seli huzivunja na kuzijenga upya wakati wote. Ukuta mnene ni ukuta ambao ujenzi umezidi uvunjaji. Shinikizo likishuka, mvuto hushuka, amri ya kujenga hupungua, na uvunjaji uliokuwapo siku zote hushika usukani. Seli husinyaa kurudi kwenye ukubwa wake. Hakuna dawa inayokata msuli. Kazi ya dawa ni kuutua mzigo.

Kolajeni ni habari nyingine. Hubadilishwa polepole zaidi, na mahali seli zilipokufa hakuna wa kurudi. Uchunguzi mmoja wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2000 na Brilla na wenzake ulichukua vipande vidogo vya msuli kutoka mioyo ya wagonjwa kabla na baada ya miezi sita ya matibabu. Waliopewa dawa ya lisinoprili, inayozuia kutengenezwa kwa angiotensini, walipungukiwa na kolajeni, na moyo wao ulifunguka vizuri zaidi, hata pale uzito wa msuli haukupungua. Waliopewa dawa ya kuongeza mkojo walipungukiwa na upana wa seli, lakini si kolajeni. Uchunguzi huo ulikuwa wa watu wachache, nao umepewa uzito mkubwa kuliko idadi yao kwa sababu wachache tu wamethubutu kuurudia. Hata hivyo ulionyesha kwamba kupungua kwa uzito na kupona kwa tishu ni mambo mawili.

Kuhusu uzito wenyewe ushahidi ni mwingi. Mwaka 2003 majaribio 80 yalijumlishwa pamoja. Dawa za namna zote kuu zilipunguza uzito wa ventrikali, kwa wastani wa asilimia 13 kwa zile zinazozuia angiotensini isishike mahali pake, kama losatani. Asilimia 11 kwa zile za jamii ya amlodipini. 10 kwa jamii ya lisinoprili. 8 kwa dawa za mkojo. Na 6 kwa zile za jamii ya atenololi. Mwaka mmoja kabla ya hapo jaribio kubwa lililoitwa LIFE, la watu 9,193 wenye dalili za unene kwenye kipimo cha umeme, lilikuwa limelinganisha losatani na atenololi kwa karibu miaka mitano. Shinikizo lilishuka karibu sawa katika makundi yote mawili, lakini waliopewa losatani walipata kiharusi kwa uchache zaidi, pungufu kwa robo. Kisha ilionekana kwamba wale ambao unene wao ulipungua, wa kundi lolote, walipatwa na vifo na viharusi vichache kuliko wale ambao haukupungua. Kurudi kwa unene basi si urembo wa picha.

Lakini msomaji wa Afrika ya Mashariki hana budi kusoma jaribio hilo mpaka ukurasa wa mwisho. Kati ya washiriki 533 weusi waliokuwamo, wote wa Marekani isipokuwa wachache, faida ya losatani juu ya atenololi haikuonekana. Kwa wengi wenye asili ya Kiafrika, dawa zinazopambana na angiotensini zikitumika peke yake hushusha shinikizo kwa kiasi kidogo. Mwaka 2019 jaribio la CREOLE, la watu 728 katika nchi sita za Afrika zikiwamo Kenya na Uganda, lilionyesha kwamba michanganyiko yenye amlodipini ilishusha shinikizo zaidi kuliko mchanganyiko usio nayo. Jaribio hilo lilipima shinikizo, halikupima uzito wa moyo. Lakini maadamu mzigo ndio unaojenga ukuta, dawa inayoutua mzigo vizuri ndiyo ya kuanzia, na uzuri wa kinadharia wa dawa nyingine hauwezi kushika nafasi hiyo.

Hila ya milimita moja

Mama wa Kisarawe amepewa amlodipini pamoja na dawa ya kuongeza mkojo, na amepunguza chumvi. Baada ya miezi mitatu shinikizo ni 134 kwa 82. Baada ya mwaka mmoja anarudia eko: chumba ni kilekile, kuta ni milimita 11. Kwa kanuni ileile uzito ni gramu 181. Umepungua gramu 24, takriban asilimia 12. Je, dawa imefanya kazi?

Hapana budi kujibu kwa tahadhari. Unene wa ukuta umepungua milimita moja, na milimita moja ndiyo tofauti inayoweza kutokea wapimaji wawili hodari wanapopima moyo mmoja siku moja. Kwa kuwa kanuni hupandisha vipenyo kwa kipeo cha tatu, kosa hilo dogo hukuzwa mpaka kulingana na faida yote inayotarajiwa kutoka kwa dawa. Katika jaribio la mamia ya watu makosa huelekea pande zote na kufutana, na wastani husema kweli. Kwa mgonjwa mmoja hayafutani. Ndiyo maana eko inayorudiwa kila miezi michache haina maana, na daktari akimwambia mgonjwa mwezi wa nne kwamba moyo wake umepungua, anasoma kisichoandikwa. Inafaa mashine iwe ileile, mpimaji awe yuleyule ikiwezekana, na picha zilinganishwe kwa kuwekwa pamoja.

Baada ya miaka mitatu kuta zake ni milimita 10 na nusu, uzito gramu 170, au 103 kwa kila mita ya mraba. Sasa mwelekeo ni mmoja katika vipimo vitatu, nao unakubaliana na daftari lake la shinikizo. Hapo yaweza kusemwa kwamba unene umerudi nyuma kweli. Haujafika chini ya mpaka wa 95, na pengine hautafika. Sehemu kubwa ya mabadiliko hutokea katika mwaka wa kwanza na wa pili, baadaye mwendo hupungua. Atria yake ya kushoto, iliyokuwa imetanuka, imepungua kidogo tu. Anapanda kilima bila kuhema, isipokuwa siku za joto kali.

Hesabu hii yote yategemea jambo ambalo eko haliwezi kulionyesha. Katika uchunguzi uliofanywa miaka ya 1996 na 1997 katika Ilala, Dar es Salaam, na katika kijiji cha Shari wilayani Hai, karibu watu watatu katika kila kumi walikuwa na shinikizo kubwa, lakini kati yao waliojijua hawakufika moja ya tano, na ambao shinikizo lao lilikuwa limeshuka ipasavyo hawakufika asilimia moja. Tangu wakati huo vipimo na dawa vimeenea zaidi, ila sababu ya mtu kuacha vidonge ni ileile: moyo unaonenepa hauumi, na moyo unaopungua nao hauumi. Mgonjwa aliyemaliza kopo la kwanza na kujiona mzima hana cha kumrudisha zahanati. Shinikizo lake hurudi katika siku au majuma machache. Seli zake, ambazo hazikusahau chochote, huanza tena kupanga nyuzi ubavuni mwa nyuzi, na safari hii zinaanzia juu ya kolajeni iliyokwisha wekwa mara ya kwanza.